Furushi la Tisa

Nilirudi Karema mwezi wa Juni 2021, kwa barabara ya Mpanda, kwa sababu meli ya Liemba ilikuwa imeegeshwa Kigoma ikingoja matengenezo na hakuna aliyeweza kuniambia ingesafiri tena lini. Mimi ni mpima ardhi, na kwa desturi ya kazi yangu sipendi kusema kwamba kitu kiko mbali au karibu kabla sijakipima. Kwa hiyo niseme tu kwamba kutoka baraza ya duka la Mzee, baba yangu, hadi majini, nilipokuwa mtoto wa miaka 11, zilikuwa hatua 140, na safari hii, kwa miguu mirefu zaidi, nilihesabu 52. Pengine zilikuwa 50. Ziwa lilikuwa limepanda, likameza vichanja vya kuanikia dagaa na nusu ya njia ya kwenda kisimani, na, jambo lililonichoma zaidi, likameza lile jiwe lenye weupe wa mavi ya minandi ambalo ndilo lililonileta.

Ziwa hili halijawahi kukaa mahali pamoja. Wabelgiji walipoweka kituo chao hapa mwaka 1879 walikiweka karibu na maji, na maji yakaondoka taratibu yakawaacha nchi kavu, kama mgeni anayeaga bila kusema. Mzee alipenda kuwaeleza hayo wateja waliokuja kukopa sukari, na alipomaliza habari ya ngome alihamia habari ya meli: jinsi Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi, pishi kwa pishi, na jinsi Waingereza walivyoiibua mwaka 1924 wakakuta chuma kizima, ikaanza kazi upya mwaka 1927 kwa jina jingine. Hapo alikuwa akigonga kaunta kwa kidole cha kati na kusema, “Kilichopakwa grisi hakikuzama. Kimewekwa.”

Mwaka 1983, ilipotangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Mzee alikuwa na vichwa vya cherehani vilivyovushwa kwa mtumbwi usiku na visivyokuwa na risiti. Redioni tulisikia habari za watu waliotupa sukari baharini na kufukia sabuni mashambani. Mzee hakutupa. Usiku mmoja nilisikia harufu ya grisi kutoka stoo, nikasikia turubai likichanwa, kisha nyayo za watu wawili zikielekea majini na kurudi, kuelekea na kurudi, mpaka nikapitiwa na usingizi. Kesho yake mgambo walifika kabla duka halijafunguliwa. Walisimama mlangoni na yule mkubwa wao akauliza, “Kichwa kiko wapi?” Mama alipiga yowe, akidhani kuna maiti inayotafutwa. Walikuta katoni 3 za sabuni zisizo na hati, zikawatosha. Mzee alikaa ndani miezi 14, akarudi, akaishi hadi mwaka 1997, na katika miaka hiyo yote hakuingia ziwani hata kuoga miguu.

Daftari lake la madeni ninalo. Katikati yake, baina ya deni la mafuta ya taa na deni la kiberiti, ameandika kwa kalamu ya risasi: *Vichwa 8. Jiwe la minandi na mwembe wa misheni viwe mstari mmoja. Pima 6.* Nililipeleka daftari hilo kwa Mzee Sikazwe, aliyepiga kasia usiku ule na ambaye sasa macho yake yamefunikwa na ukungu, nikamsomea. Alinisikiliza hadi mwisho, akatema mate pembeni kwa adabu.

“Baba yako alikuwa na hesabu nzuri,” alisema, “lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiyanyanyua. Yalikuwa mafurushi tisa. Nenda kamuulize shangazi yako, mwanangu, ila kabla hujamuuliza, vua viatu, maana anafagia mara nne kwa siku na hana subira na michanga ya watu.”

Nyumba ya Shangazi Yulita iko milango miwili kutoka lilipokuwa duka. Nasema milango miwili. Kwa futi yangu ya chuma ni mita 31. Nilivua viatu mita zote hizo kabla, nikafika kibarazani kwake nimevibeba mkononi, naye akanitazama kama atazamavyo mtu bili ya kitu ambacho hakukumbuka kukinunua.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Umeongezeka. Kaa hapo, si hapo, hapo nimeshafagia.”

Alikuwa na miaka 86. Nyuma yake, ndani ya chumba, niliona meza ya cherehani, ile ya miguu ya chuma na kanyagio pana, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na saa ya mezani, picha ya Bikira Maria, na mtungi wa maji ya kunywa. Nilikuwa nimeiona meza hiyo utotoni mara nyingi kiasi kwamba sikuwahi kuiona. Sasa niliitazama kama ninavyotazama kiwanja ambacho mwenyewe anaapa kwamba kina pembe nne. Palikuwa na tundu katikati ya meza, umbo la mstatili, na mtungi ulikuwa umesimama ndani ya tundu hilo kana kwamba fundi alilichonga kwa ajili yake. Meza ile haikuwa na kichwa.

Nilikuwa nimeandaa maswali matatu. Sikuuliza hata moja. Nilibaki naangalia mtungi, na Shangazi akaona ninachoangalia, akaweka ufagio wake ukutani na kukaa.

“Kilikuwa changu,” alisema. “Nilikinunua Tabora mwaka 1969, shilingi 480, kwa fedha ya kushona sare za shule. Risiti ninayo. Kaka yangu alikuja siku ile ya vurugu, mimi niko shamba, akakibandua mezani kama mtu anayekwanyua hindi, akaenda nacho. Alikuwa na vyake vya magendo, basi akadhani dunia nzima ina magendo. Alisema baadaye kwamba alitaka kukinusuru. Sikatai. Alitaka kukinusuru. Lakini mimi nilirudi kutoka shamba saa 12 jioni nikakuta tundu.”

Kisha alieleza yaliyobaki, polepole, akisimama katikati ya sentensi kila mpita njia alipomwamkia, na kuitikia kila mmoja kwa jina lake. Alikuwa amekesha akidhani ameibiwa. Alfajiri alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kushitaki wizi, na mjumbe, ambaye siku zile alihofia kila mlango wenye kufuli, akawaita mgambo. Shangazi alimtaja kaka yake kwa sababu jirani alimwona akipita na kitu begani, naye alifikiri kwamba ndugu wataulizana, kitu kitarudishwa, mambo yataishia chini ya mwembe. Hakujua lolote kuhusu vile vinane. Mgambo nao hawakujua. Walikuja kuuliza kichwa kimoja, chenye risiti, cha mwanamke aliyeibiwa.

Nilikumbuka sauti ya yule mkubwa wao mlangoni, na yowe la mama. Miaka 38 nilikuwa nimewatafuta wasaliti wa Mzee miongoni mwa wote aliowakopesha na kuwadai. Nilikuwa na orodha yao, nimeipanga kwa ukubwa wa deni. Juu kabisa alikuwa Sikazwe, na leo asubuhi nilikuwa nimemnunulia tumbaku huku nikimpima kwa jicho.

“Alipotoka ndani,” Shangazi aliendelea, “alikuja hapa. Alisimama pale uliposimama na viatu mkononi. Akasema, ‘Yulita, nitakiibua.’ Nikamwambia, ulikizamisha bila kuniuliza, basi usikiibue bila kuniuliza. Akaondoka. Nilidhani anakwenda kutafuta namna ya kuuliza. Kaka yangu alikuwa mtu wa maneno mengi, kaunta nzima ilikuwa ikimsikiliza, lakini neno hilo moja lilimshinda. Mimi nilingoja. Nilikuwa nikimpelekea mboga kila Jumapili, nikingoja.”

“Miaka 12,” nilisema, kwa sababu hesabu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho.

“Kumi na miwili na miezi. Hesabu vizuri.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daftari linasema 8. Mzee hakukosea. Aliandika mali yake, na kile cha tisa hakikuwa mali yake, na mtu aliyekuwa tayari kuvusha chuma usiku mpakani hakuwa tayari kuandika cha dada yake katika kitabu chake. Nilitaka kumweleza Shangazi hilo, nikaona kwamba analijua.

Badala yake nilimuuliza kama angependa kiibuliwe. Nilimuuliza kwa maneno yaliyokamilika, nikiwa nimekaa mahali ambapo hakukuwa pamefagiwa. Alinyamaza kwa muda ambao sikuupima.

“Saa ngapi?” akasema.

Kupata mstari wa jiwe na mwembe kulinichukua siku mbili. Mwembe upo, jiwe liko chini ya maji, lakini minandi, ambao hawana habari ya vipimo vyetu, bado walikuwa wakitua mahali pale pale, juu ya mti mkavu uliokwama kwenye jiwe lisiloonekana, na Sikazwe, ambaye haoni, alilitambua eneo kwa jinsi mawimbi yalivyogonga ubavu wa mtumbwi. Alinielekeza niende kushoto kidogo. Kijana wa Sikazwe, Deo, anayepiga mbizi kutafuta nyavu za watu zilizonasa, alishuka na kamba. Ilikuwa pima 7 sasa, labda 7 na nusu. Mara ya kwanza alirudi na mikono mitupu. Mara ya nne kamba ilitingishwa mara mbili, tukavuta.

Furushi lilikuwa na ukubwa wa mbuzi mdogo, limevaa konokono. Tulilileta nchi kavu, hatua 52, tukaliweka kwenye kibaraza cha Shangazi juu ya gunia alilolitandika mwenyewe. Turubai la nje lilikatika kwa vidole. La ndani lilihitaji kisu. Chini yake palikuwa na grisi, nene na nyeusi, imeganda kama asali ya baridi, na harufu yake ilipanda, na nikawa tena na miaka 11 kitandani, nikisikiliza nyayo.

Shangazi alikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, penye bamba la namba. Chuma kilitoka kinang’aa. Watu waliokuwa wamekusanyika uani walishangilia, na Deo, aliyekuwa bado akitetemeka, alishika gurudumu akalisukuma. Lilikataa, likakataa, kisha likasogea kama robo ya mzunguko.

“Acha,” Shangazi alisema. Alitoa kifuko cha nailoni kifuani, akafungua ndani yake bahasha, na ndani ya bahasha karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo yake ilikuwa imetoboka. Macho yake hayafiki tena kwenye maandishi madogo, akanipa mimi.

“Nisomee ya kwenye chuma. Taratibu.”

Nilisoma. Nilisoma namba zote saba na herufi mbili za mwanzo, kisha nikazisoma tena kutoka kwenye karatasi, ingawa tangu herufi ya kwanza nilikuwa nimeshaona. Shangazi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alichukua risiti yake, akaikunja kwa mikunjo ile ile, akairudisha kwenye bahasha, na bahasha kwenye nailoni.

“Hiki ni cha baba yako,” alisema, akauchukua ufagio na kuanza kuondoa konokono miguuni mwa watu. “Mpeni kijana chai ya moto, kisha ashuke tena.”