Orodha ya Ukaguzi wa Kituo: Mtihani wa Utamilifu Kidato cha Nne, Jiji la Tanga, Jumanne

Kiswahili saa 2:00–5:00 asubuhi. Jiografia saa 8:00 mchana–11:00 jioni.
Watahiniwa 112: chumba cha 1 wapo 40, cha 2 wapo 40, cha 3 wapo 32.

Bahasha, saa 12:30 asubuhi

☐ Kabati linafunguliwa na msimamizi mkuu na mkuu wa shule kwa pamoja. Hakuna anayelifungua peke yake, hata kama mwenzake yuko njiani.
☐ Bahasha za Kiswahili zipo 3, pamoja na 1 ndogo ya maandishi makubwa ya mtahiniwa wa chumba cha 3 mwenye uoni hafifu.
☐ Kila lakiri ipapaswe kwa kidole pembeni, maana hewa ya bahari hulegeza gundi. Iliyoachia iandikwe kwenye taarifa kabla haijatoka ofisini.
☐ Somo, tarehe na saa visomwe kwa sauti. Bahasha za Jiografia zibaki kabatini. Zikichanganywa mezani asubuhi, mtihani wa mchana umeshaharibika.
☐ Bahasha ikatwe chumbani, mbele ya watahiniwa. Wawili kati yao wahakiki lakiri na kutia saini.

Idadi ya karatasi

☐ Vyumba vya 1 na 2: 40 kila kimoja. Chumba cha 3: 31 za kawaida na 1 ya maandishi makubwa.
☐ Mchana, ramani 112, moja kwa kila mtahiniwa. Zihesabiwe peke yake, kwani zikinatana mbili mbili hutaona upungufu mpaka mtoto wa nyuma anyooshe mkono.
☐ Pungufu likitokea, msimamizi mkuu aarifiwe hapohapo. Hakuna kutoa nakala nje ya kituo.

Vifaa vya kuandikia

☐ Vijitabu vya majibu 112 kwa kila somo, karatasi za ziada, uzi wa kufungia.
☐ Kalamu za akiba za bluu na nyeusi, penseli, rula, vifutio. Asiwepo wa kukosa mtihani kwa sababu kwao hapakuwa na hela ya kalamu.
☐ Vijiwe safi vya kuzuia karatasi madirishani chumba cha 2; upepo wa mchana huko ni mkali.

Wasimamizi

☐ Sita vyumbani, mmoja wa akiba. Vitambulisho vifuani, simu zote ofisini.
☐ Kila chumba: orodha ya majina na namba, mchoro wa ukaaji, fomu ya mahudhurio, fomu ya matukio, chaki, mkasi, saa ya ukutani. Saa zote 3 zilinganishwe saa 1:30.
☐ Mwenye uoni hafifu akae karibu na dirisha. Nyongeza yake ya dakika 30 iandikwe ubaoni mapema, asilazimike kuidai mwenyewe.

Kufunga

☐ Mtahiniwa asitoke kabla kijitabu chake hakijapokelewa na kutiwa alama kwenye fomu.
☐ Vijitabu vipangwe kwa namba. Jumla yake na ya wasiofika itimie 112.
☐ Bahasha ya majibu ifungwe na kutiwa lakiri mezani, saini mbili juu ya mshono, kisha iende kabatini.

Msimamizi Mkuu wa Kituo