Mtandao ukikata dukani: mashine ya kadi na laptopu

Mama, bandika karatasi hii karibu na droo ya pesa.

Kwanza kabisa: mtandao ukikata katikati ya malipo, usimchanje mteja kadi mara ya pili. Fungua orodha ya miamala kwenye mashine, au mteja aangalie ujumbe wa benki. Pesa ikiwa imeshatoka, kuirudisha ni kazi ya siku kadhaa, na mvuvi anayewahi boti Mwaloni hana siku hizo.

Kisha tazama nani kakatika. Mashine peke yake? Izime, subiri nusu dakika, iwashe. Vyote viwili? Kwenye laptopu fungua dirisha la amri, andika:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza ni ruta yako, ya pili ni kompyuta ya Google huko nje. Isipojibu, tatizo limo humu dukani. Ikijibu ya kwanza lakini ya pili ikakwama, tatizo liko nje: piga simu kwa kampuni ya intaneti, uwatajie saa iliyokatika.

Nimeikuta ruta yako sakafuni, nyuma ya friji ya soda. Bati la friji huzuia mawimbi, kwa hiyo nimeipandisha rafu ya juu. Tafadhali isirudi chini. Laptopu nimeiunganisha kwa waya.

Umeme wa Kirumba ukicheza, ruta hujiwasha upya na huchukua dakika mbili tatu. Nunua betri ndogo ya ruta. Mpaka hapo, washa hotispoti ya simu. Mashine na laptopu vyote vinaifahamu.