Orodha ya Zawadi: Harusi ya Rukia na Idrisa, Tanga, 14 Novemba 2026

Imetolewa Jumapili, 4 Oktoba 2026

Assalaam alaykum. Wazazi wetu, mashangazi, wajomba, kaka, dada, majirani wa Chumbageni na wenzetu wa kazini: shikamooni wakubwa, salamu kwa rika letu.

Wengi mmeuliza tupewe nini. Orodha ndiyo hii. Tumeiandika mapema kwa sababu bila orodha harusi huzaa hotipoti kumi na moja na mwiko hata mmoja haupo. Pia baada ya harusi tunahamia Dodoma, Nkuhungu, kwenye nyumba ya kupanga ya chumba, sebule na jiko dogo. Kila kitu kitapanda lori, kwa hiyo vipimo tulivyoviandika hapa si vya urembo.

Kabla ya yote: aliyekwisha kutoa mchango wa sherehe kwa kamati amemaliza. Zawadi ni hiari, na hakuna atakayeulizwa mlangoni.

Namna ya kuchagua

Kila kitu kina namba. Chagua, kisha mtumie ujumbe Shangazi Saumu, mratibu wa zawadi. Simu yake iko nyuma ya kadi ya mwaliko. Andika namba na jina tu, mfano "9, Mama Hadija". Subiri akujibu "sawa" ndipo ununue. Watu wawili wakiandika namba moja dakika zilezile, wa kwanza ndiye wa kwanza, wa pili ataombwa achague kingine. Ukinunua bila kumwambia, kitu chako kinabaki kimeandikwa kuwa kipo wazi, na mwingine atakinunua tena.

Kitu kikichukuliwa kinashikiliwa siku 10. Zikipita bila taarifa, Shangazi atakupigia mara moja, kisha anakifungua kwa wengine. Kila Jumapili baada ya Isha orodha itatumwa upya, vilivyokwenda vikiandikwa IMECHUKULIWA. Jina la aliyechukua halitaonekana, na siku ya sherehe MC atasoma majina ya watoaji bila kutaja kitu wala bei. Hilo tumeshakubaliana naye.

Bei ni za makadirio, kwa tulivyouliza madukani Ngamiani mwezi Septemba. Ukipata kwa bei ya chini, alhamdulillahi, chenji ni yako.

Chini ya shilingi 20,000

1. Chujio mbili, la chai na la kuchujia tui: 5,000 zote.
2. Miko miwili na upawa mmoja, vyote vya mbao: 8,000. Visipakwe vanishi, inabanduka kwenye mboga.
3. Ungo wa kupepetea mchele: 8,000.
4. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko: 10,000. Tunahitaji nne, na kila moja inahesabiwa zawadi kamili. Maji Nkuhungu huja kwa zamu, kwa hiyo mfuniko ni muhimu kuliko rangi.
5. Kibao cha chapati na kifimbo chake: 12,000.
6. Chuma cha chapati: 18,000. Kiwe kizito, kitako bapa. Chepesi kinapinda kwenye moto wa gesi, chapati inaungua katikati na pembeni inabaki mbichi.

Kati ya 20,000 na 100,000

7. Mbuzi ya kukunia nazi: 25,000. Nazi Dodoma zinafika sokoni, ila mbuzi nzuri ni ya huku kwetu. Angalia meno yawe yamechongwa mpaka kwenye ncha na chuma kimepigiliwa kwa misumari miwili au zaidi. Ya msumari mmoja hugeuka ukikaa.
8. Chupa ya chai, lita 2, yenye kioo ndani au ya chuma: 35,000.
9. Shuka jozi moja na foronya mbili: 35,000. Tunahitaji jozi tatu, za watu watatu tofauti. Tafadhali soma hapa polepole: kitanda ni futi 5 kwa 6. Si 6 kwa 6. Madukani shuka nyingi zinazoning'inizwa mbele ni za 6 kwa 6, na muuzaji atakwambia "zinaingia tu". Zinaingia, kisha usiku zinajikusanya chini ya mgongo. Na kwa kuwa godoro ni la inchi 10, shuka ya lastiki iwe na kina cha inchi 12. Ya inchi 8 inafyatuka pembeni kila ukigeuka.
10. Neti ya mbu ya futi 5 kwa 6: 45,000. Kitanda hakina nguzo, kwa hiyo iwe ya duara inayoning'inia kwa ndoano moja. Ya pembe nne inataka fremu ambayo hatuna.
11. Sahani za udongo dazani moja, za wali, pamoja na bakuli sita za mchuzi: 65,000.
12. Hotipoti seti ya tatu: 60,000. Seti moja tu. Namba hii ikishaandikwa IMECHUKULIWA, tunawaomba hotipoti zipumzike.
13. Blanketi zito: 70,000. Wanaoijua Tanga wanaweza kucheka, ila Dodoma mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi.
14. Sufuria za alumini seti ya tano na vifuniko vyake: 75,000. Jiko letu ni la gesi, kwa hiyo alumini inafaa. Ziwe na kitako kinene, na kubwa kuliko zote isizidi lita 10; jiko lina plate mbili zilizokaribiana, sufuria pana inafunika zote.
15. Feni ya kusimama: 95,000.

Kati ya 100,000 na 250,000

16. Blenda yenye jagi la kioo na kikombe cha kusagia viungo vikavu: 120,000.
17. Pazia za sebuleni: 140,000 pamoja na ushonaji. Fimbo ni mita 2. Kitambaa kikishashonwa kiwe na upana wa mita 4, mara mbili ya fimbo, vinginevyo hakina mikunjo na kinaonekana kama shuka iliyoanikwa. Kushuka chini ni mita 2.3. Rangi ya udongo au kahawia. Vumbi la Dodoma nyeupe hailiwezi. Fundi wa Mama Rukia anavyo vipimo.
18. Jiko la presha la umeme, lita 6: 180,000. Maharage yanaiva chini ya saa moja, na mtungi wa gesi unadumu. Hakikisha ndani ya boksi mna mpira wa mfuniko, kikombe cha kupimia na kitabu cha maelekezo. Mpira ukikosekana jiko halijengi presha hata kidogo.

Vya kuchangia kwa hisa

Hivi vinne ni vikubwa, na hatumtegemei mtu mmoja abebe. Tumevigawa kwa hisa za shilingi 30,000. Unaweza kuchukua hisa moja au tano, au wawili mkagawana moja kwa 15,000. Pesa za hisa zinakwenda kwa Shangazi Saumu, si kwenye namba ya kamati ya sherehe. Zikichanganyika na za ukumbi, kuzitenganisha ni kazi. Kwenye ujumbe wa muamala andika herufi ya kitu.

A. Tangi la maji la lita 500: 150,000, hisa 5. Litanunuliwa Dodoma, tusisafirishe hewa.

B. Mashine ya kufulia ya kilo 7, ile ya mapipa mawili: 390,000, hisa 13. Wengine mmeshauri ile ya kujiendesha yenyewe. Ni nzuri, lakini inavuta maji bombani na inataka presha. Bomba likiwa kavu inasimama na kuonyesha hitilafu. Ya mapipa mawili unaijaza hata kwa ndoo, na maji ya suuza ya mwisho yanafulia mzigo unaofuata.

C. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 10, aina nzito: 420,000, hisa 14.

D. Friji ya milango miwili: 780,000, hisa 26. Nafasi iliyopo jikoni ni upana wa sentimita 62, na friji inataka angalau sentimita 5 za kupumua kila upande. Kwa hiyo upana wake usizidi sentimita 52. Kaka Idrisa mdogo ndiye atakayeinunua, na kilinzi cha umeme kimo ndani ya bei hiyo. Itasafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba, na ikiwashwa palepale inaweza kufa.

Hisa za kitu zisipotimia hadi Jumapili, 8 Novemba, pesa zitahamia kwenye kitu cha hisa kilichokaribia zaidi kutimia, na kila aliyechangia atapewa taarifa kwa jina la kitu na kiasi.

Tulivyonavyo tayari

Kitanda, kabati, televisheni, pasi, birika la umeme, jiko la gesi la plate mbili na mtungi wa kilo 15. Vikombe vya chai tunavyo seti mbili. Saa ya ukutani ipo moja, na kuta zenyewe hazizidi hapo.

Mlioko nje

Walioko Muscat na Dubai: plagi za huko ni za pini tatu bapa kama zetu na umeme unalingana, kwa hiyo chetezo cha umeme na udi vinakaribishwa bila namba. Mlioko Marekani, tafadhali msinunue chombo cha umeme huko. Umeme wao ni volti 120, wetu ni 230, kitaungua siku ya kwanza. Chukueni hisa.

Kufikisha

Zawadi za jikoni, namba 1 hadi 8 pamoja na 11, 12 na 14, akina mama wanaweza kuja nazo kwenye kicheni pati Jumamosi, 31 Oktoba. Nyingine zifike nyumbani kwa Mama Rukia, Chumbageni, kabla ya Alhamisi, 12 Novemba, saa 12 jioni. Ukumbini tunaomba zije bahasha tu, na jina liandikwe ndani, si juu peke yake. Bahasha huchanika, jina likapotea. Lori linaondoka Jumatatu, 16 Novemba, baada ya Alfajiri, na kitakachofika baada ya hapo kitabaki Tanga mpaka Idi.

Kila kifaa cha umeme kijaribiwe dukani kabla ya kulipa. Risiti ya EFD na kadi ya waranti, iliyogongwa muhuri wa duka, vibandikwe ndani ya boksi kwa selotepu. Ukipenda tusione bei, kunja risiti na kuiweka kwenye bahasha iliyofungwa. Tutaifungua kifaa kikiharibika tu, maana bila risiti duka halipokei.

Siku ya mwisho ya kuchagua namba ni Jumapili, 1 Novemba. Orodha ijayo itatoka Jumapili, 11 Oktoba.

Rukia na Idrisa