Kumbukumbu ya kliniki: mkimbiaji wa miaka 16, lishe pungufu, hedhi iliyokatika na maumivu ya muundi

Kliniki ya vijana, Arusha. Ijumaa, 14 Machi 2025. Ziara ya pili.

Binti wa miaka 16 na miezi 8, kidato cha tatu, shule ya bweni, mkimbiaji wa mita 3,000 na 5,000. Amekuja na mama yake mzazi. Nimezungumza nao pamoja, kisha na binti peke yake, na muuguzi wa kike akiwepo.

Kilichomleta. Muundi wa kushoto unamuuma kwa wiki 5. Mwanzoni uliuma akikimbia tu; sasa unauma hata akishuka ngazi za bweni. Hedhi ilitajwa na mama mwishoni kabisa, tulipokuwa karibu kuagana kwenye ziara ya kwanza, naye hakuiona kuwa ugonjwa.

Chakula. Tumepitia siku tatu, mlo kwa mlo, mbili za shule na Jumapili moja. Anaamka saa 11 alfajiri na kukimbia bila kutia kitu tumboni. Uji wa saa 4 anaukosa mara nyingi kwa sababu ya foleni. Mchana anakula nusu ya ugali na maharage, nusu nyingine anampa rafiki. Jioni anatoka mazoezini saa 1 na kukuta jiko limefungwa, akibahatika anawekewa wali mkavu. Maziwa ni ya likizo tu. Tangu Kwaresima ianze anafunga Jumatano na Ijumaa.

Hesabu yangu ni takriban kilokalori 1,450 kwa siku. Kwa wastani wa kilomita 13 kwa siku, mazoezi yanamla kama 520. Uzito wake usio na mafuta, kwa kipimo cha mikunjo ya ngozi, ni kilo 38.3. Kwa hiyo (1,450 − 520) ÷ 38.3 = kilokalori 24 kwa kilo. Mwili unaokua unahitaji kama 45, na chini ya 30 tunahesabu kuwa ni upungufu mkubwa. Hesabu ya namna hii ina makosa ya kipimo, lakini hapa pengo ni kubwa kuliko makosa yenyewe, na dalili zote zinaelekea upande huohuo.

Upungufu huu una vyanzo viwili, na nataka atakayesoma faili hili avitenganishe. Cha kwanza ni ratiba: chakula kipo wakati yeye hayupo. Cha pili ni hofu. Akiwa peke yake alisema, "Kocha hutupima mbele ya wenzetu, akasema kilo zangu ndizo zinazonichelewesha mzunguko wa mwisho." Tangu hapo anagawa ugali. Hajitapishi, hatumii dawa za kuharisha, hafichi chakula. Anaogopa mizani kuliko anavyoogopa kula. Hakuna aliyemshika au kumlazimisha jambo, nimemuuliza waziwazi.

Hedhi. Alivunja ungo akiwa na miaka 13 na miezi 10. Mwaka wa kwanza na nusu alipata siku zake kila baada ya siku 28 hadi 32. Baadaye zikaachana, siku 45, kisha 60. Mara ya mwisho ni wiki ya mwisho ya Septemba 2024, yaani zaidi ya miezi 5. Hajawahi kujamiiana, hajatumia uzazi wa mpango wa aina yoyote. Wenzake kambini wamemwambia kuwa hedhi ikikatika ndipo mtu ameiva kimazoezi. Nimemweleza kinyume chake: mwili umefunga mlango huo kwa sababu hauna cha kutumia, na kwa homoni hiyohiyo iliyoshuka mifupa nayo inapungukiwa, katika umri ambao ingepaswa kujijenga kwa kasi.

Uchunguzi. Uzito kilo 44.5, urefu sm 162, BMI 17.0. Daftari la zahanati ya shule linaonyesha kilo 49 Septemba 2024. Amepoteza asilimia 9. Mapigo 52 akilala, 66 akisimama. Shinikizo 96/58, akisimama 92/58. Joto 36.1. Mikono baridi. Matiti na nywele vimekua kama inavyotarajiwa kwa umri wake. Muundi: kidole kimoja kinapata mahali penye maumivu, upande wa ndani, theluthi ya chini. Akiruka kwa mguu huo anakunja uso na kuacha.

Vipimo (damu ya 10 Machi). Mimba hakuna. Himoglobini 11.4, feritini 12. Potasiamu na fosfeti kawaida. TSH kawaida, T3 iko chini kidogo. FSH 3.1, LH 1.4, estradioli chini ya 20, prolaktini kawaida. ECG: mapigo ya polepole, mpangilio wa kawaida, QTc 410. Vitamini D bado. Eksirei ya muundi haina ufa, lakini katika wiki za mwanzo eksirei huwa safi mara nyingi, hivyo sijaitegemea. MRI imeombwa.

Maoni yangu. Nishati pungufu kwa mwanariadha, iliyozima hedhi kutoka kwenye ubongo, pamoja na upungufu wa chuma na ufa wa mfupa unaodhaniwa. Hahitaji kulazwa leo. Atalazwa mapigo yakishuka chini ya 50 akiwa macho, akizimia, uzito ukiendelea kushuka au akikataa kula.

Mpango.

Asikimbie wala kuruka. Kutembea kunaruhusiwa pasipo maumivu. Kupumzika peke yake hakutoshi: akila 1,450 hata bila mazoezi anafika 38 tu, na bado kuna kilo za kurudisha. Wanariadha wengi wakisimamishwa hupunguza chakula zaidi kwa kuogopa kunenepa, hivyo tumelisema hilo mbele ya mama. Tunaongeza kilokalori 350 wiki hii, kisha tunapanda hadi kama 2,200.

Asubuhi ndizi mbivu mbili na chai ya maziwa kabla ya darasa. Uji wa karanga uliotengwa kwa jina lake. Mchana sahani nzima, na parachichi. Alasiri viazi vitamu au mkate na siagi ya karanga. Jioni sahani iwekwe jikoni. Kalisi 1,300 mg kwa siku: glasi tatu za maziwa au mtindi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao mara nne kwa wiki. Mama anasema dagaa na karanga anaviweza. Maziwa tumekubaliana na matroni. Kufunga kuachwe. Yeye ni Mkatoliki, na sheria ya kufunga huanza miaka 18. Mgonjwa naye amesamehewa. Mama atazungumza na padre ili binti asibaki na mzigo moyoni.

Chuma 60 mg siku moja baada ya nyingine, asinywe na chai.

Sitampa vidonge vya majira ili "hedhi irudi". Vingeleta damu ya bandia, vikatuficha kama mwili umepona, na havijaonyesha kulinda mifupa kwa hali hii. Ikipita mwaka wa lishe nzuri bila hedhi, tutajadili bandeji ya estradioli na bingwa wa homoni.

DEXA ya uti wa mgongo na mwili mzima bila kichwa, Nairobi, kwa shangazi yake. Isomwe kwa alama ya Z ya umri wake, si ya T. Z chini ya −1 kwa mkimbiaji nitaichukulia kuwa tatizo.

Mshauri wa saikolojia: Jumanne. Binti ameridhia shule ipewe barua inayotaja jeraha, lishe na zuio la kukimbia tu. Habari za hedhi zisiandikwe. Barua inaomba pia kupima uzito mbele ya wengine kukome. Nitampigia kocha mwenyewe.

Ameuliza kuhusu UMISSETA ya mwaka huu. Nimemjibu hapana, akalia, na tulikaa naye hadi alipokuwa tayari kuendelea.

Kurudi 21 Machi: uzito akiwa ameipa mizani mgongo, mapigo, majibu ya MRI na vitamini D. Kisha kila wiki mbili.