Njoo Uione Shule ya Mwanao: Muswada wa Video ya Siku ya Wazazi, Ujiji

Video ya dakika nane. Itatumwa kwenye vikundi vya Watsapu vya wazazi wa kila darasa wiki mbili kabla ya Siku ya Wazazi, Jumamosi tarehe 10 Oktoba 2026. Msimulizi ni mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano.

Kwa mpiga picha: upigaji ufanyike siku ya kawaida ya masomo. Madawati yasipangwe upya, na watoto wasiambiwe wavae sare mpya. Mtoto ambaye mzazi wake hajakubali kwa maandishi asionekane uso.

ONYESHO LA 1: NJIANI NA LANGONI

Picha: Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watoto wanatembea kwa makundi chini ya miembe, baadhi wamebeba vidumu vya maji. Bango la shule langoni. Mwalimu wa zamu amesimama na daftari. Zisikike sauti za watoto tu, bila muziki.

Watoto: Shikamoo mwalimu!

Mwalimu wa zamu: Marahaba. Hamjambo?

Msimulizi: Baba, mama, bibi unayelea mjukuu, shangazi uliyeachiwa mtoto wa ndugu yako: hivi ndivyo mwanao anavyofika shuleni. Saa hizi wengi wenu mmeshatoka. Kuna aliye Kibirizi anasubiri mitumbwi ya dagaa, kuna anayepanga meza sokoni Mwanga, kuna aliyekwishafika shambani. Jioni unamuuliza mtoto, "Leo mmesoma nini?" naye anakujibu, "Tumesoma." Basi. Leo tutakuonyesha tulichosoma, na mahali tulipokwama pia tutakuonyesha, kwa sababu mtoto ni wako kabla hajawa wetu.

ONYESHO LA 2: DARASA LA KWANZA

Picha: Darasa limejaa. Dawati moja, watoto wanne. Wengine wako kwenye mkeka mbele. Kamera ipite polepole hadi nyuma, mzazi aone wingi wao. Ukutani kuna silabi zilizoandikwa kwenye maboksi yaliyokatwa.

Mwalimu wa darasa la kwanza: Watoto wangu wako 94. Serikali inataka mwalimu mmoja awe na wanafunzi 45, kwa hiyo unaona tuko zaidi ya mara mbili. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, watoto wamekuja kwa wingi, nami nafurahi wamekuja. Ila sitakudanganya kwamba namfikia kila mmoja kila siku. Nimewagawa makundi mawili. Hawa wakisoma na mimi humu ndani, wale wako nje na mwalimu mwenzangu anayejitolea. Baada ya uji tunabadilishana.

Picha: Chini ya mwembe. Watoto wamekaa duara, wanahesabu kwa vizibo vya soda. Mwalimu anayejitolea amechuchumaa katikati yao.

Mwalimu wa darasa la kwanza (sauti): Kitu ninachokisimamia ni kimoja: kila mtoto anisomee kwa sauti mara mbili kwa wiki, yeye peke yake, mimi nikimsikiliza. Nina daftari. Aliyesoma namwekea alama, aliyekwama naandika amekwama wapi. Mtoto anayeitikia na wenzake anaweza kufika darasa la tatu hajui kusoma, na hakuna atakayemgundua, maana sauti ya darasa zima inamficha.

Picha: Mtoto wa kike amesimama kando ya meza ya mwalimu, ameshika kitabu. Anasoma. Kamera isikate hata akikwama.

Mtoto: Ba-ba a-me-vu-a... mi... m... mge...

Mwalimu: Tulia. Anza na hiyo ya mwanzo.

Mtoto: M-ge-bu-ka. Mgebuka! Baba amevua mgebuka.

Mwalimu: Rudia yote, mama.

Mtoto: Baba amevua mgebuka.

Msimulizi: Mtoto huyu alipoanza Januari, nyumbani kwao wanazungumza Kiha, na Kiswahili alikuwa anakisikia zaidi kwa majirani. Hatumcheki mtoto kwa lugha ya nyumbani kwao. Mwalimu wake alimpa muda, na bibi yake alikuwa anamsikiliza jioni akisoma. Bibi mwenyewe hasomi. Alikuwa anakaa tu, anasikiliza. Wazazi, hilo mnaliweza wote, hata usiyejua herufi.

ONYESHO LA 3: MATOKEO

Picha: Ofisi ya walimu. Mwalimu wa taaluma amesimama mbele ya karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani. Majina yafunikwe, zionekane alama za masomo tu.

Mwalimu wa taaluma: Mwaka jana wanafunzi 71 wa shule hii walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Waliofaulu, yaani waliopata kati ya A na C, ni 58. Kumi na tatu walipata D na E. Kiswahili na Maarifa ya Jamii tulifanya vizuri. Hisabati tulikuwa katikati. Kiingereza tuliangusha.

Nalitaja hili la Kiingereza kwa makusudi. Sekondari masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kufaulu, akachaguliwa, akashonewa sare, halafu akaingia kidato cha kwanza akawa hamwelewi mwalimu wa Baiolojia. Wazazi wakishangilia matokeo mwezi huo, mimi moyo wangu unakuwa kwa huyo mtoto. Tangu Machi tumeongeza kipindi cha Kiingereza Jumanne na Alhamisi jioni kwa darasa la tano na la sita. Ni cha kuzungumza, si cha kunakili ubaoni.

Picha: Darasa la sita, wawili wawili, mmoja muuzaji wa ndizi, mwingine mteja, wanaulizana bei kwa Kiingereza. Wanakosea, wanarudia. Sauti ishuke msimulizi anapoanza.

Msimulizi: Bado hawajafika. Siku ya Wazazi mtawasikia wenyewe. Mkiona mtoto anakosea, msimzomee, kwa sababu mtoto aliyezomewa mara moja hafungui kinywa tena.

Mwalimu wa taaluma: Wazazi wa darasa la tano na la sita, ninyi nawaomba msikose. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka sita, na darasa la tano wako kwenye mtaala huo; darasa la sita bado wako kwenye ule wa zamani wa miaka saba. Maana yake, watoto walio darasa la tano sasa na walio darasa la sita sasa watamaliza pamoja mwaka 2027: wa darasa la tano wakiwa darasa la sita, wa darasa la sita wakiwa darasa la saba. Wengi mmekuja ofisini mkiuliza kama mtoto anarushwa darasa. Hapana, harushwi. Tutaeleza kwa kirefu siku hiyo, na kila mzazi atapewa nafasi ya kuuliza.

ONYESHO LA 4: JIKONI

Picha: Sufuria kubwa juu ya mafiga, mpishi anakoroga uji. Foleni ya watoto na vikombe. Kuna watoto wachache wamekaa pembeni bila vikombe. Wapigwe kwa mbali, migongo tu.

Mjumbe wa kamati ya shule (mama, muuza dagaa): Mimi nina watoto wawili hapa. Uji huu na makande ya mchana vinatokana na michango yetu wazazi: mahindi, maharage, na hela kidogo ya mpishi na kuni. Ziwa lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, wavuvi hawakwenda ziwani, na sisi tunaouza dagaa tukakaa bure. Michango ikakatika. Sufuria ikawa inapikwa siku mbili kwa wiki. Unajua tuliona nini? Daftari la mahudhurio. Siku ya uji darasa linajaa, siku isiyo ya uji nusu hawapo. Ndipo kamati tukakubaliana mzazi asiye na hela alete debe la mahindi baada ya mavuno, au aje kusomba kuni. Hatumfukuzi mtoto shule kwa sababu ya mchango. Ila wale unaowaona wamekaa kule bado hawapati. Nataka tulimalize hili tarehe 10, sote tukiwepo.

ONYESHO LA 5: MAENEO MENGINE

Picha: Picha fupi fupi. Paa la bati. Vyoo vya wasichana, vipya, vina milango. Vyoo vya wavulana, mlango mmoja umeng'oka. Kabati la vitabu.

Msimulizi: Vyoo vya wasichana vimekamilika, na kuna chumba cha kubadilishia. Vya wavulana havitoshi. Vitabu vya darasa la kwanza hadi la tatu vipo vya kutosha kusoma wawili wawili. Madarasa ya juu wanashirikiana watano, wakati mwingine sita. Mvua ikipiga juu ya bati hatusikiani, kwa hiyo mwalimu anaandika ubaoni hadi ipungue.

ONYESHO LA 6: WATOTO WENYEWE

Picha: Uwanjani. Msichana wa darasa la sita, peku, anakimbia mzunguko mmoja, kisha anakuja mbele ya kamera akihema.

Msichana: Nakimbia mita 800. Mwaka huu nilichaguliwa timu ya mkoa ya UMITASHUMTA. Sikushinda, nilikuwa wa sita. Lakini nimeona wenzangu wanavyoanza mbio, mimi nilikuwa natumia nguvu zote mwanzoni. Mwalimu amenirekebisha. Nyumbani mama alikuwa hataki nikimbie, anasema nitachelewa kuchota maji. Sasa nachota asubuhi.

Picha: Bustani nyuma ya darasa la nne. Mchicha, nyanya, miche ya michikichi kwenye vifuko. Watoto wawili wanamwagilia.

Mvulana wa darasa la nne: Hii michikichi tulipanda mbegu sisi. Zinachelewa sana kuota, tulidhani zimekufa. Tunapima urefu kila Ijumaa, tunaandika.

Picha: Mikono tu ya mvulana juu ya daftari la hisabati. Uso usionekane.

Mvulana wa darasa la sita (sauti): Mwaka jana nilikuwa naenda ziwani usiku na kaka yangu, kuvua dagaa. Asubuhi nikija nalala darasani. Halafu nikaacha kuja. Mwalimu mkuu akaja nyumbani, akaongea na baba. Akaja tena. Baba akasema niende ziwani wakati wa likizo tu. Hisabati bado inanishinda kwenye sehemu, lakini kuzidisha naweza.

Msimulizi: Katika mafanikio yote ya mwaka huu, la kijana huyu ndilo linalonigusa zaidi. Halitaandikwa kwenye karatasi ya matokeo. Na mwalimu mkuu peke yake asingeweza: baba ndiye aliyekubali.

ONYESHO LA 7: MWALIMU MKUU

Picha: Mwalimu mkuu amesimama kwenye kibaraza, watoto wakipita nyuma yake.

Mwalimu mkuu: Wazazi wenzangu, Siku ya Wazazi ni Jumamosi tarehe 10 Oktoba. Tunaanza saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili hadi saa nne utakaa darasani kwa mwanao, kwenye dawati lake, somo likiendelea. Saa nne utafungua madaftari yake ukiwa na mwalimu wa darasa. Uliza lolote, hata linalotuuma. Saa tano na nusu ni mkutano wa wote chini ya mwembe: chakula, vyoo vya wavulana, na Kiingereza. Mapato na matumizi ya michango yatabandikwa ukutani tangu asubuhi, uyasome kabla ya mkutano.

Baba, usimtume mama peke yake. Kama unavua, tunajua mitumbwi inarudi alfajiri. Njoo hivyo hivyo ulivyotoka ziwani.

Maandishi kwenye skrini, yasomwe pia na msimulizi: Uandikishaji wa mwaka 2027 unafanyika siku hiyo hiyo. Awali, mtoto wa miaka mitano. Darasa la kwanza, miaka sita. Njoo na cheti cha kuzaliwa. Kama hana, njoo naye hivyo hivyo, tutamwandikisha na kukuelekeza namna ya kukipata. Kuandikisha hakuna malipo.