Kazi ipo, ila soma kwanza

Tunatafuta makarani watatu wa forodha na madereva sita wa malori ya masafa marefu. Ofisi yetu iko Kurasini, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Tunatoa mizigo bandarini na kuisafirisha, mwingi ukielekea Zambia na Kongo kupitia Tunduma. Ninayeandika ni msimamizi wa rasilimali watu, na ninachotaka ujue kabla hujatuma barua ni namna kazi yenyewe ilivyo, pamoja na yale ambayo kwa kawaida mtu huyasikia kwa wenzake jikoni wiki ya pili akiwa ameshaacha kazi ya zamani.

Tuanze na pesa, maana ndiyo swali ambalo watu wanaona haya kuliuliza. Karani anayeanza analipwa shilingi 700,000 kwa mwezi. Hiyo ni kabla ya makato. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 70,000, na sisi tunaongeza 70,000 nyingine kwenye akaunti yako ya mfuko. Kinachobaki, 630,000, kinakatwa kodi ya mshahara, kwa viwango vya sasa 42,000. Mkononi unabaki na 588,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, ondoa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000, na sasa uko kwenye 483,000. Pangia bajeti yako hiyo namba ya mwisho. Zipo kampuni mjini zinazolipa zaidi yetu kwa kazi hiihii, na mtu akituaga kwenda huko tunamwandikia barua nzuri ya utambulisho.

Tunachojivunia upande huo ni tarehe. Mshahara unaingia tarehe 26, na ikiangukia wikiendi unaingia Ijumaa yake. Mwenye kodi ya nyumba na ada ya mtoto anajua thamani ya jambo hili. Mshahara unaochelewa wiki mbili ndio unaowapeleka watu kwenye mikopo ya kausha damu, na ukishaingia kule, hata nyongeza ya mshahara inakuwa ya mkopeshaji.

Bima ya afya tunailipia yote: wewe, mwenza wako na watoto wawili. Wazazi hawamo. Malalamiko juu ya hili yapo kila mwaka, na ni ya haki, lakini kwa mwaka huu jibu bado ni hapana.

Kazi ya karani ni nini hasa? Unapokea nyaraka za mzigo, unaandaa kadhia, yaani tamko la forodha la mzigo huo, unaiingiza kwenye mfumo, unafuatilia ukaguzi, unapata kibali, mzigo unatoka. Kwa maneno ni rahisi. Ugumu unaanza pale bidhaa inapobishaniwa. Chukua kontena lenye thamani ya shilingi milioni 80. Mteja anasema ndani kuna malighafi, ushuru wa asilimia 0 kwenye jedwali la Afrika Mashariki. Afisa anaifungua, anaitazama, anasema hii ni bidhaa iliyokamilika, asilimia 25. Hapo tayari ni milioni 20 za ushuru, na kwa kuwa VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, tofauti inafika milioni 23.6. Ijumaa saa kumi jioni. Mteja anakupigia wewe, hampigii bosi. Anakupigia tena saa mbili usiku. Wakati huohuo gharama za kuhifadhi kontena bandarini zinahesabika, na mwenye meli naye anadai kontena lake kwa dola. Unatakiwa uwe na katalogi ya kiwanda, maelezo ya matumizi ya bidhaa, hoja iliyoandikwa vizuri, na sauti isiyopanda. Mtu anayefurahia kusoma maelezo madogo ya jedwali la ushuru hadi apate mstari unaomtetea atatamba hapa. Anayetaka kazi inayoisha saa kumi na moja, simu ikazimwa, atateseka, na familia yake itateseka naye.

Saa za kazi kwa sheria ni 45 kwa wiki, na sisi tunazigawa Jumatatu hadi Jumamosi mchana. Saa za ziada tunazilipa kwa mara moja na nusu, Jumapili na sikukuu mara mbili, na usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Sheria inaweka kikomo cha saa 50 za ziada ndani ya wiki nne, na miezi ya kuelekea Krismasi tunakikaribia sana. Usiamini kampuni yoyote ya forodha itakayokuambia Desemba kwake ni shwari. Likizo ni siku 28, lakini kuanzia katikati ya Novemba hadi Krismasi hatumruhusu karani kwenda, isipokuwa kwa msiba, ugonjwa au uzazi. Kama kwenu sherehe zote za ukoo hufanyika Desemba, zungumza na nyumbani kwanza.

Sasa jambo ambalo waombaji wengi wenye uzoefu huuliza kwa sauti ya chini: mzigo ukipata gharama za kuchelewa, nani analipa? Katika biashara hii wapo vijana wanaokatwa mshahara miezi na miezi kwa kosa la namba moja kwenye kadhia, bila kusikilizwa. Kwetu kanuni imeandikwa na utapewa kabla ya kusaini. Gharama za kuhifadhi mzigo na za kontena la mwenye meli hazikatwi kwenye mshahara wa karani, hata kama alikosea, maadamu alifuata hatua na kadhia ilipitiwa na mtu wa pili. Kinachofuata kosa ni kikao, na likijirudia ni onyo la maandishi. Uzembe wa makusudi ni habari nyingine: sheria inaruhusu kukata baada ya mtu kupewa nafasi ya kujitetea, na makato hayo hayazidi robo ya mshahara. Huo mpaka tunauheshimu. Ukiniuliza kitu kimoja kinachofanya makarani wetu wa zamani wasiondoke, nitakuambia ni hiki, kuliko bima na kuliko chakula cha mchana (ambacho, kwa kweli, ni wali maharage siku nyingi kuliko tunavyopenda).

Kwa madereva. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na unaijua njia: mizani ya Vigwaza, Chalinze, Morogoro, kilomita 50 za kukatisha Hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa pole, kisha Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya. Malori yetu yana umri. Manne ni mapya, mengine yamekula barabara, na viyoyozi vya baadhi yake ni mapambo. Breki na matairi hatufanyi mzaha: gari lisilopita ukaguzi wa yadi halitoki, hata mteja alie. Ukishuka Kitonga na shaba nyuma, unashuka kwa gia ndogo. Anayeweka nyutro ili abane mafuta tunamwona kwenye kifaa cha GPS, na tunaachana naye siku hiyohiyo.

Kifaa hicho kinaonyesha pia kila unaposimama. Wapo wanaoona ni kuchungwa, na sitawabishia, ni kuchungwa kweli. Mafuta nayo yanapimwa kwenye tangi. Kama sehemu ya kipato chako ulikozoea ilikuwa kupiga mafuta, kwetu utapungukiwa. Kwa sababu hiyo mileji tunaiweka juu kidogo, na nusu yake unaipata kabla hujatoka yadi ili usiombe nauli ya maisha kwa mtu njiani.

Mpakani ndiko uvumilivu hupimwa. Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja cha forodha tangu 2019, na mambo ni afadhali kuliko zamani, lakini foleni bado zipo. Utalala kwenye kabini, utaoga kwa kulipia, utakula kwa mama lishe yuleyule hadi akujue jina. Kila usiku wa foleni baada ya ule wa kwanza tunaulipia posho. Haitoshi kukufidia harusi ya mdogo wako uliyoikosa, na hilo hutokea.

Kitu kidogo hatutoi, si mpakani wala barabarani. Karani au dereva wetu akiombwa, anajibu kwamba hana fungu hilo, anapiga simu ofisini, na msimamizi anachukua suala hilo kwa maandishi. Matokeo yake yapo: kuna siku gari lako litapitwa na yaliyokuja nyuma yako, na wenzako watakuita mkono wa birika. Kucheleweshwa kwa namna hiyo hakukugusi kwenye tathmini, na mteja tunaongea naye sisi.

Kina dada: kati ya makarani wetu 14, watano ni wanawake. Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo, na mama anayenyonyesha anapata hadi saa mbili kwa siku, ambazo tunaziweka jioni ili atoke mapema. Ofisini chumba cha kukamulia maziwa kipo, kina friji na kitasa kinachofunga. Kwenye baadhi ya yadi tunakofanyia ukaguzi hali ya vyoo ni mbaya, na ukipangiwa bandari kavu ya Kwala utashinda juani mbali na mji. Zamu za huko zinazunguka kwa wote, wanaume kwa wanawake, na mjamzito hapangiwi.

Masomo. Cheti cha EACFFPC, ambacho karani wa forodha anakihitaji ili awe na neno kwenye fani hii, tunakulipia ada baada ya mwaka mmoja kazini. Kuna mkataba: ukikubali, unabaki miaka miwili. Ukiondoka kabla, unarudisha sehemu ya muda uliobaki. Kuna aliyewahi kuniambia huo ni mtego, nikamjibu ajilipie mwenyewe abaki huru. Alijilipia, na bado yupo.

Kupanda cheo ni polepole. Sisi ni kampuni ya watu wasiofika 100, na nafasi ya msimamizi haifunguki mpaka mtu aondoke. Karani hodari anaweza kukaa miaka minne kwenye kiti kilekile, mshahara ukipanda lakini cheo kikibaki.

Ukiwa umesoma hadi hapa na bado unaitaka kazi, leta barua ya maombi, wasifu na nakala za vyeti mapokezi, karibu na kituo cha Uhasibu, siku za kazi kabla ya saa tisa alasiri. Madereva waje na leseni halisi. Hatuuzi fomu na hatuna wakala, kwa hiyo atakayekuomba hela ya kukuunganisha, mnyime. Waliochaguliwa watafanya mtihani wa saa moja, na kisha tutawaomba washinde asubuhi moja na timu kabla ya kusaini chochote, makarani ofisini na madereva yadini. Wasimamizi hatutakuwepo. Waulize wenzako watarajiwa lolote, hata kuhusu mimi.