Maelezo ya Mandhari, Vifaa na Rangi kwa Tamthilia ya Vyumba Viwili

Kwa mwongozaji, mpigapicha, fundi taa na msimamizi wa maleba

Muswada wetu una wahusika wawili na vyumba viwili, na hakuna sentensi hata moja inayotamka wahusika hao wametoka wapi. Bibi, mwenye umri wa miaka 67, alizaliwa na kuolewa katika ukwasi, na sasa anaishi katika chumba kimoja cha kupanga. Wakili, mwenye miaka 31, ni binti wa mwanamke aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya Bibi, na ndiye wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu. Mtazamaji anapaswa kuyajua hayo yote kabla ya mazungumzo ya kwanza kwisha, na atayajua kwa macho tu. Maelezo haya yanaeleza tutakavyofanya.

Naanza na jambo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa kuwa niliwahi kulikosea mwenyewe. Katika kazi moja ya nyuma nilipewa chumba cha mhusika fukara, nikapaka masizi ukutani, nikachana pazia na kutupa nguo sakafuni. Mwigizaji alipoingia akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kama mhusika wake ni mvivu. Swali lile lilinichoma, kwa sababu uchafu hausemi lolote juu ya kipato cha mtu, ila humsingizia tabia. Kwa hiyo chumba cha Bibi kitakuwa safi kabisa. Ufinyu wa maisha yake utaonekana katika vitu vilivyotengenezwa upya mara nyingi, na ukuu wake wa zamani utaonekana katika vitu ambavyo chumba hicho hakikujengwa kuvipokea.

Kitu kikuu katika seti hiyo ni kabati la nguo la mbao nzito. Kuta zetu zina urefu wa mita 2.4, na kabati la aina hiyo, pamoja na taji lake la nakshi, lingefika mita 2.5. Lisingeingia, kwa hiyo taji limekatwa kwa msumeno. Naomba mkato huo uonekane: mbao mbichi, nyeupe, isiyo na vanishi, juu ya mlango uliong'arishwa kwa miaka 40. Kitanda kitawekwa karibu kiasi kwamba mlango mmoja wa kabati unafunguka nusu tu, na mwigizaji atalazimika kuingiza mkono kwa ubavu kila anapochukua nguo. Ishara hiyo ya mwili ina thamani kubwa kwangu kuliko picha yoyote ya ukutani, kwani mtu aliyezoea nafasi anaendelea kuishi na vitu vya nafasi, na mwili wake ndio unaolipa. Seti ijengwe mapema ili apate angalau siku mbili za kuzoea kufungua kabati hilo bila kuliangalia.

Mwongozaji alipendekeza tuweke picha ya jumba la zamani katika fremu. Naomba tuiache. Picha hiyo ingefanya kazi ya mazungumzo, yaani ingemwambia mtazamaji jambo badala ya kumwacha aligundue, na mwanamke huyu, nionavyo mimi, asingetaka wageni waione.

Kuta za chumba ni za mwenye nyumba, wala hazijachaguliwa na Bibi. Zitapakwa rangi ya mafuta ya buluu hafifu hadi mita 1.2 kutoka sakafuni, na juu yake rangi ya maji iliyopauka. Kutakuwa na alama ya pembe nne isiyopauka mahali ambapo mpangaji aliyetangulia alitundika kitu, na misumari miwili iliyoachwa. Kioo cha Bibi kitaning'inia kwenye mmoja wa misumari hiyo, juu kidogo kuliko inavyomfaa, kwa sababu haruhusiwi kutoboa ukuta. Karibu na swichi, mahali mikono inapogusa, tutachakaza kwa msasa laini na rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, kwingineko tusiguse. Uchakavu wa kweli hufuata njia za mikono na miguu, na jicho hutambua mara moja ule uliotapakaa kila mahali.

Rangi za vitu vyake mwenyewe ni kijani cha majani makavu, kahawia ya mbao na nyeupe ya pembe. Hazipatani na buluu ya kuta, na hazitakiwi kupatana. Mashuka na vitambaa vyeupe vitachovywa kwenye maji ya chai, kwanza ili vionekane vimefuliwa miaka mingi, na pili kwa sababu nyeupe tupu huungua kwenye kamera na kuvuta jicho mbali na uso. Maleba yaepuke mistari myembamba iliyosongamana, kwani huchezacheza kwenye picha. Viatu vya Bibi viwe na soli mpya kwenye ngozi ya zamani iliyopakwa dawa vizuri.

Sebule ya Wakili ina kijivu, nyeupe iliyofifishwa na nyeusi, na kila kilichomo kimenunuliwa ndani ya miaka minne. Hakuna kilichorithiwa, na umoja huo wa umri wa vitu ndio unaomfichua. Ukingo wa runinga bado una utando wa plastiki wa dukani, na vitabu vya sheria vimepangwa mahali pa kuonekana kwanza. Mwanga utoke darini, wa kelvini 4,000, sawasawa pande zote. Kwa Bibi kuna balbu moja ya darini ya kelvini 6,500, kali na ya baridi, na taa yake ya mezani ya kelvini 2,700. Anapobaki peke yake huzima ya darini. Fundi taa na mpigapicha wasisawazishe tofauti hiyo.

Kitu kimoja tu katika sebule ya Wakili ni cha zamani, nacho ndicho kiungo cha tamthilia nzima. Bibi ana vikombe vinne vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu, vilivyobaki katika seti ya sita. Dhahabu imefutika upande mmoja wa kila kikombe, pale midomo inapogusa mtu anaposhika mkono wa kikombe kwa kulia. Kikombe cha tano kiko kwa Wakili, juu ya kitabu kilicholazwa. Mkono wa kikombe hicho ulivunjika, ukagundishwa, na alama ya gundi ya manjano inaonekana. Mama yake Wakili alipewa kikiwa kimevunjika. Lakini dhahabu ya kikombe imebaki karibu yote, kwa kuwa tangu siku ile hakuna aliyekinywea. Nyumba moja ilikitumia kwa sababu kilikuwa kikombe. Nyumba nyingine ilikitunza kwa sababu kilitoka kule.

Tutanunua vikombe vinane vinavyofanana. Vinne nitavisugua mwenyewe kwa msasa wa maji, viwili vitavunjwa mikono na kugundishwa ili kimoja kiwe akiba, na viwili vya mwisho vibaki vizima hadi upigaji picha uishe. Mtunza mwendelezo apige picha ya upande uliofutika katika kila mwonekano. Katika onyesho la tisa, Bibi anapokiinua kikombe cha Wakili, namwomba mpigapicha akaribie hadi ukingo ujaze fremu, na mwigizaji akizungushe taratibu kwa kidole gumba, akitafuta mahali palipofutika asipaone.